Vitabu vya kusoma kabla ya kumpokea mtoto mkubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanaojiandaa kuasili mtoto, au kumlea kwa muda, akiwa na umri wa kuanzia miaka 6 hivi hadi 12. Mtoto wa umri huo anaujua ulimwengu wake, ana kumbukumbu zake, na mara nyingi amekwisha kuhamishwa zaidi ya mara moja. Maswali yamepangwa kama watu wanavyoyauliza, si kwa uzito wake.

Je, kitabu chochote kuhusu kuasili kinafaa?

Hapana, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Vitabu vingi vya kuasili vimeandikwa kwa ajili ya anayepokea mtoto mchanga. Vinazungumzia kumzoesha usingizi, kumbeba, na namna ya kumwambia siku moja kwamba aliasiliwa. Mtoto wa miaka 9 huna haja ya kumwambia. Yeye ndiye atakayekuambia wewe, na huenda asikuambie ukweli wote.

Mfano mzuri ni *The Primal Wound* cha Nancy Verrier, kilichotoka mwaka 1993. Ni kitabu maarufu, na watu wazima wengi walioasiliwa wanasema kiliwapa maneno ya kueleza machungu yao. Lakini hoja yake imejengwa juu ya jeraha la mtoto mchanga kutenganishwa na mama aliyemzaa. Mtoto wako mkubwa anaweza kuwa aliishi na mama huyo miaka minne, akapikiwa naye, akamlilia, na bado anamngoja. Huo ni msiba wenye sura, sauti na tarehe. Ukienda kwake na kitabu cha jeraha la kuzaliwa, utamtafutia huzuni mahali ambapo haipo huku ukiipita ile iliyoketi mbele yako.

Kabla ya kununua, fungua yaliyomo. Tafuta sura kuhusu kuhama kutoka kwa mlezi mmoja kwenda kwa mwingine, kuhusu ndugu waliotenganishwa, kuhusu uongo, wizi mdogo na chakula. Kama hazipo, kirudishe rafuni.

Nisome vingapi?

Vitatu vinatosha kabla hajafika. Ukisoma kumi utaanza kumwona mtoto kama orodha ya dalili, na waandishi wataanza kupingana kichwani mwako usiku wa manane wakati yeye analia chumbani.

Nianze na kipi?

Ningeanza na *The Connected Child* cha mwaka 2007, cha Karyn Purvis na David Cross wakishirikiana na mwandishi Wendy Lyons Sunshine. Purvis na Cross walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas Christian, na walifanya kazi na watoto walioasiliwa wakiwa wameshapitia makubwa. Kinasomeka kwa urahisi na kinakuambia la kufanya.

Ubora wake ni kwamba kinaanzia mwilini. Mtoto aliyeishi katika hofu muda mrefu hukasirika haraka zaidi akiwa na njaa, kiu au uchovu, kwa hiyo waandishi wanashauri apate kitu cha kula na maji kila baada ya saa mbili hivi. Wengi huliruka shauri hilo kwa kuliona dogo mno. Lijaribu kabla ya jingine lolote.

Jambo la pili ni kurudia tendo. Mtoto amekunyang'anya rimoti mkononi. Badala ya hotuba, unamwambia kwa sauti ya kawaida: "Rudi pale ulipokuwa, uniombe tena vizuri." Anarudi, anaomba, unampa, na habari inaishia hapo. Hukumbushii jioni wala humsimulii shangazi yake. Lengo ni mwili wake uonje kufanya lile jema na kulipata lile alilotaka. Tahadhari yangu ni kwamba kwa mtoto wa miaka 11 au 12 jambo hili lifanywe kwa wepesi na ikiwezekana kwa utani, tena si mbele ya watu. Mkubwa akirudishwa nyuma mbele ya wageni anaona amedhalilishwa, na hapo hujifunzi chochote wewe wala yeye.

Udhaifu wa kitabu ni matumaini yake. Mifano mingi inaishia vizuri, tena upesi. Nyumbani kwako tendo lile lile litarudiwa mara nyingi sana kabla halijazoeleka.

Nisome vitabu kwanza au faili la mtoto kwanza?

Faili. Kitabu kinakuwa na maana pale unapojua unakisomea nini.

Chukua mfano huu. Mume na mke wanamsubiri msichana wa miaka 9 anayetoka katika makao ya watoto. Ripoti ina ukurasa mmoja na nusu. Inasema ameishi pale tangu akiwa na miaka 4, ana mdogo wake wa kiume aliyechukuliwa na familia nyingine, anasoma vizuri, ni mtiifu, anakula haraka, na "wakati mwingine huficha chakula". Basi. Hakuna zaidi.

Mke amesoma sehemu za *A Child's Journey Through Placement* cha Vera Fahlberg, daktari wa watoto. Kilitoka mwaka 1991, ni kikavu, na kiliandikwa zaidi kwa ajili ya maofisa ustawi wa jamii kuliko wazazi. Hata hivyo, kuhusu mtoto kuhama kutoka mikono fulani kwenda mingine sijaona kinachokizidi. Fahlberg anasisitiza kwamba mtoto anayehama bila kuaga, na bila mlezi wake wa zamani kumruhusu awapende watu wapya, anabeba hamaniko hilo hadi nyumba mpya. Kwa hiyo mke hakusoma kitabu chote. Alisoma sehemu ya kuhama, kisha akairudia ripoti na kalamu mkononi, akaandika maswali ya kumpelekea ofisa: Ni mlezi gani pale makao ambaye mtoto humkimbilia akiumia? Huyo mlezi anaweza kumwambia kwa mdomo wake kwamba ni sawa kwenda? Mdogo wake aliondoka lini, na mtoto aliambiwa nini siku hiyo? Je, watazungumza kwa simu, na nani ataipanga? Mtoto mwenyewe anaamini aliletwa makao kwa sababu gani?

Swali la mwisho ndilo lililofungua mlango. Ofisa alirudi na jibu kwamba msichana anaamini waliletwa kwa sababu yeye alimwaga maziwa ya mdogo wake. Watoto wa umri huo hujilaumu hivyo mara nyingi, kwa kuwa ni afadhali kwao kuwa na kosa kuliko kuwa na ulimwengu usio na sababu. Sasa wazazi hawa wanajua kitu ambacho kitabu kisingewaambia: siku atakapomwaga kitu mezani, hatakuwa anaogopa kelele tu, atakuwa anasubiri kuondolewa.

Vitabu vinasema nini kuhusu kuficha chakula? Hapa nimeona vinapingana.

Ni kweli, na ni vyema kuelewa kwa nini.

Kundi moja linashauri umwekee mtoto kikapu cha vitu vya kula chumbani mwake, wazi saa zote, ili aone kwa macho kwamba chakula hakiishi. Kundi la pili linafuata mgawanyo wa majukumu uliowekwa na mtaalamu wa lishe Ellyn Satter: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Daktari Katja Rowell aliuchukua mgawanyo huo akauandikia familia za kuasili na za malezi ya muda katika *Love Me, Feed Me*, mwaka 2012. Wafuasi wa njia hii wanaonya kwamba mtoto anayetafuna kidogo kidogo kutwa nzima hafiki mezani na njaa, wala hajifunzi kuusikiliza mwili wake.

Ukitazama kwa makini, makundi yote mawili yanajibu hofu ile ile. Moja linaijibu kwa kuonyesha chakula, jingine linaijibu kwa kukileta bila kukosa. Kwa mtoto mkubwa aliyekula kwa kugombania kwa miaka, mimi ningetumia yote mawili kwa mpangilio, kama walivyofanya wale wazazi wa msichana wa miaka 9.

Waliweka saa za kula, kila baada ya saa mbili na nusu hadi tatu, wakaziandika kwenye karatasi ukutani kwa sababu anajua kusoma. Kila mlo ulikuwa na angalau kitu kimoja anachokijua. Hakuna aliyemwambia "maliza" wala "basi, inatosha", na bakuli la kuongezea liliwekwa mezani alione. Juu ya hayo waliweka kikapu kidogo chumbani, ambacho yeye na mama walikijaza pamoja kila jioni vitu visivyoharibika. Hakikuwa na masharti, ila kujazwa kulikuwa na saa yake.

Wiki za mwanzo alikula hadi tumbo likamuuma. Hilo huwatisha wazazi na kuwafanya waanze kumpimia, na ndipo wengi wanapoharibu. Mtoto akipimiwa hofu yake inathibitishwa, naye anarudi kuficha kwa nguvu mpya. Dalili za kuangalia si uzito wa sahani bali mambo mengine: anaacha chakula bila kuangalia huku na huku, anauliza "tunakula saa ngapi?" badala ya kuchukua, kikapu kinakaa siku mbili bila kuguswa. Kwa msichana huyu chakula kilichofichwa chini ya godoro kilipungua polepole, kisha kikazidi ghafla siku moja. Walipofuatilia, waligundua kwamba siku hiyo walikuwa safarini na mlo wa saa kumi jioni ulirukwa. Sababu ilionekana, na dawa ikawa kubeba chakula safarini na kumwonyesha mfuko kabla ya kuondoka.

Ukikuta chakula kimefichwa, kitoe kilichooza bila maneno mengi na ubadilishe kwa kitu kisichooza. Kumuita aje aeleze ni kumfundisha kuficha vizuri zaidi.

Kitabu kina mpaka wake hapa. Akitapika mara kwa mara, akila visivyoliwa kama udongo au karatasi, akipungua mwili au akipaliwa anapotafuna, hilo ni la daktari.

Ripoti inasema ni mtiifu na hana shida. Bado nahitaji kusoma?

Unahitaji zaidi. "Mtiifu" katika ripoti inaweza kuwa tabia njema, na inaweza kuwa ujuzi wa kuishi mahali ambapo watu wazima hubadilika kwa zamu. Vitabu vingi vinaeleza kipindi cha mwanzo ambapo mtoto ni mpole kupita kiasi, kisha baada ya wiki au miezi mambo yanageuka: anavunja, anadanganya jambo ambalo nyote mmeliona, anakuambia wewe si mama yake. Wazazi husema, "Alikuwa mzuri, tumemharibu wapi?" Mara nyingi hamjaharibu. Ameanza kuamini kwamba huenda akabaki, na sasa anapima kama ni kweli.

Ya kuangalia katika kipindi cha upole ni haya: haombi chochote, halii akiumia, anawakumbatia wageni kwa urahisi ule ule anaokukumbatia wewe, anakubali kila unachosema kabla hujamaliza. Yaandike pembeni. Ukimya wake ukivunjika baadaye, utakuwa na cha kulinganisha.

Nimeambiwa nisome *Building the Bonds of Attachment*. Kinafaa?

Kinafaa, ila usikifanye cha kwanza. Daniel Hughes, mwanasaikolojia, anasimulia kisa cha Katie, msichana aliyeumizwa na wazazi wake akapita katika familia kadhaa kabla ya kumpata mlezi aliyeweza kukaa naye. Katie ni wa kubuni, ameundwa kutokana na watoto wengi ambao mwandishi alikutana nao kazini. Baada ya kila hatua Hughes anaeleza kwa nini mlezi alijibu vile na si vinginevyo.

Utakachokipata ni msimamo wake wa mambo manne: wepesi wa kucheka na kucheza na mtoto, kumkubali alivyo, udadisi usio na shutuma, na kumhurumia kwa dhati. Udadisi ndio mgumu kuliko yote. "Kwa nini umeiba?" ni shutuma iliyovaa alama ya kuuliza. "Nadhani ulipoiona ile saa ulihisi kwamba usipoichukua sasa hutapata tena kitu kizuri. Nimekosea?" inamwachia mtoto nafasi ya kukusahihisha, na mtoto anayekusahihisha tayari anazungumza.

Tafuta toleo la karibuni. Kimefanyiwa marekebisho tangu kilipotoka miaka ya 1990, na taaluma yenyewe imebadilika, hasa kuhusu kumshikilia mtoto kama njia ya tiba. Jua pia kwamba Katie ni mfano mzito. Wako anaweza asifike hata robo ya hapo, kwa hiyo usimtafute Katie ndani yake.

Kuna vitabu vya kuepuka kabisa?

Vipo, na baadhi vimeandikwa kwa lugha tamu ya upendo. Kulikuwa na mkondo wa matibabu uliodai kwamba mtoto asiyeweza kushikamana na mzazi lazima avunjwe ukaidi wake: ashikiliwe kwa nguvu hadi asalimu amri, alazimishwe kukutazama machoni, anyimwe chakula au choo mpaka aombe ruhusa. Mwaka 2000, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, msichana wa miaka 10 aliyeasiliwa alikosa hewa akafa akiwa amefungwa ndani ya shuka na mito katika kikao cha kumfanya "azaliwe upya". Mwaka uliofuata jimbo hilo lilipiga marufuku zoezi hilo. Mwaka 2006 kikosi kazi cha chama cha wataalamu wa unyanyasaji wa watoto nchini humo kilitoa ripoti ya kukataa mbinu za kumlazimisha mtoto kwa nguvu. Vitabu vya mkondo huo bado vinauzwa mitumba na kusambazwa kwa simu.

Utavitambua kwa mambo machache. Vinamwita mtoto mdanganyifu wa kuzaliwa au mtawala wa nyumba. Vinasema yeyote atakayemwonea huruma, awe bibi au mwalimu, amehadaiwa. Vinaahidi matokeo kwa siku maalumu. Na chakula, maji, usingizi au kukumbatiwa kunageuzwa kuwa zawadi ya kupatikana kwa utii. Hilo la mwisho likionekana hata mara moja, funga kitabu.

Mwenzangu hasomi Kiingereza, na vitabu karibu vyote ni vya Kiingereza. Tufanyeje?

Mmoja asome, wawili waamue. Soma sura moja, msimulie kwa maneno yako, kisha mkubaliane jambo moja tu mtakalofanya wote wawili kwa namna moja. Kwa mfano: "Akidanganya, hatutamuuliza swali ambalo jibu tunalijua." Basi, mnalala. Mwenzako akisema sura hiyo ni upuuzi, msikilize, kwani mara nyingine anamjua mtoto kuliko mwandishi. Bibi, mjomba na yeyote anayeishi humo ndani naye aambiwe lile jambo moja, bila simulizi za yaliyompata mtoto. Hizo ni mali yake.

Ruka bila wasiwasi sura za sheria, mahakama na ruzuku, kwa kuwa waandishi wanaeleza taratibu za kwao. Kwa hayo muulize ofisa wenu.

Riwaya zina faida yoyote?

Moja ninaipendekeza: *The Great Gilly Hopkins* ya Katherine Paterson, ya mwaka 1978. Iliandikwa kwa ajili ya watoto, na Paterson mwenyewe aliwahi kulea watoto kwa muda. Gilly ana miaka 11, ana akili, ana matusi, na anamwota mama ambaye hajamlea. Anaandika barua ya uongo ili aondolewe katika nyumba ya mlezi wake, na kufikia wakati barua inafanya kazi tayari ameipenda nyumba hiyo. Msome Gilly kwa ajili ya hasira yake. Utaona kutoka ndani jinsi tusi linavyotangulia ili kukataliwa kusimkute mtoto bila silaha. Usimpe mtoto wako aisome wiki ya kwanza, maana ataona unamsema.

Mtoto anajua kusoma. Vipi akiviona vitabu hivi?

Ataviona. Mtoto wa miaka 9 katika nyumba mpya anapekua kila kitu, na ana haki ya kutaka kujua amefika wapi. Sasa fikiria anakuta rafuni jalada lenye maneno kama "mtoto aliyejeruhiwa". Amejisoma huko. Kwa hiyo vitabu vyenye majina hayo vivike karatasi au viweke chumbani kwenu, na usiandike jina lake pembeni mwa kurasa wala kupigia mistari mambo mabaya ukidhani hakuna atakayeona. Maelezo yako juu yake yaandike kwenye daftari linalofungiwa.

Ukimkuta amekishika, usikipokonye. Keti, mwambie kilichoandikwa kwa ukweli anaoumudu: "Nilikisoma kabla hujaja, kwa sababu nilikuwa sijui kulea mtoto aliyewahi kuishi na watu wengine. Ukurasa gani umeuona?" Huenda atakurushia kitabu. Huenda atakuonyesha sentensi moja na kusema hiyo si kweli. Ichukue kalamu uikate mstari huo mbele yake, kisha umuulize ingepaswa kuandikwaje.